Modeli mseto au kujaza mara nyingi? Kuchagua njia ya data zinazokosekana katika ufuatiliaji wa sonona baada ya kujifungua

Mpango wa uchambuzi wa takwimu wa utafiti unaowafuatilia akina mama tangu ujauzito hadi mtoto afikishe miezi tisa unaweza kuwa na kurasa ishirini, lakini jibu la utafiti mara nyingi huamuliwa na nusu ukurasa tu: pale panapoelezwa kitakachofanyika mama asipoonekana siku ya ziara. Nimeshasoma mipango mingi ambamo sehemu hiyo ni sentensi moja, "data zinazokosekana zitashughulikiwa kwa njia inayofaa". Sentensi hiyo haisemi kitu. Inamwachia mchambuzi uhuru wa kuchagua njia baada ya kuona matokeo, na mpango huandikwa ili uhuru huo usiwepo.

Njia zinazoshindaniwa ni chache. Nitazilinganisha juu ya utafiti mmoja wa kufikirika, ambao namba zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

## Utafiti tunaoupimia

Wajawazito 400 wanaandikishwa katika kliniki za afya ya uzazi na mtoto nchini Tanzania, wakiwa kati ya wiki ya 32 na ya 36. Siku hiyo wanaulizwa kuhusu ukatili wa mwenzi wakati wa ujauzito, na wanajibu hojaji ya Edinburgh, ile EPDS iliyochapishwa na Cox na wenzake mwaka 1987. Ina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ni kati ya 0 na 30. Watafiti wengi huchukua alama 13 na kuendelea kama dalili za sonona zinazohitaji kuangaliwa, na wengine huchukua 10. Mpango utaje moja na useme kama imethibitishwa kwa tafsiri ya Kiswahili itakayotumika.

Baada ya kujifungua hojaji inarudiwa wiki ya 6, wiki ya 14 na mwezi wa 9. Ratiba hii imechaguliwa kwa sababu ndizo siku ambazo mtoto huletwa kliniki kwa chanjo, Penta katika wiki hizo na surua-rubela miezi tisa. Inapunguza nauli na usumbufu. Ina mtego wake pia, nao nitaufikia.

Swali la utafiti: je, waliofanyiwa ukatili wakiwa wajawazito wana alama za juu zaidi mwezi wa 9 kuliko wasiofanyiwa, na tofauti ni ya kiasi gani?

## Kwanza, kwa nini hakuja?

Tangu makala ya Rubin ya mwaka 1976, wanatakwimu wamegawa kukosekana kwa data katika hali tatu. Nafasi inaweza kubaki wazi kwa bahati tu, isiyohusiana na chochote. Inaweza kubaki wazi kwa sababu zinazoelezeka na vitu tulivyokwisha kuviandika, kama alama za ujauzito au umbali wa nyumbani. Na inaweza kubaki wazi kwa sababu ya kile kile ambacho hatukukiona, yaani mama hakuja kwa kuwa wiki hiyo amelemewa na sonona kiasi cha kushindwa kutoka ndani.

Wasomaji wa mpango hutaka kuona hali hizo zikitajwa, lakini kuzitaja hakutoshi. Ziunganishe na maisha ya wanawake unaowafuatilia. Katika kundi letu ningeorodhesha yafuatayo. Wapo wanaokwenda kwao kujifungulia kwa mama zao na kukaa huko miezi kadhaa, na hawa huenda wana hali nzuri kuliko wenzao, maana wana wa kuwashika mkono. Wapo ambao simu ni ya mume, na mume mwenye ukatili ndiye anayeamua kama mkewe atapokea simu ya watafiti. Wapo waliorudi kazini au shambani. Wapo ambao mtoto analetwa na bibi yake. Chanjo inapatikana na hojaji haijazwi. Na wapo waliofiwa na mtoto.

Hawa wa mwisho ndio mtego wa ratiba ya chanjo. Mama aliyefiwa hana sababu ya kwenda kliniki ya watoto wiki ya 6, na huenda ndiye mwenye alama za juu kuliko wote. Hakuna hesabu itakayomrudisha asipotembelewa nyumbani. Kwa hiyo mpango mzuri hutenga ziara za nyumbani kwa kundi hili kabla ya kuzungumzia modeli yoyote.

Mama aliyefariki ni jambo jingine kabisa. Alama zake za mwezi wa 9 hazikukosekana, hazipo. Usimjazie. Mpango useme wazi kwamba matokeo ni ya wanawake walio hai katika kila ziara, na idadi ya vifo itolewe peke yake kwa kila upande. Baadhi ya modeli humkadiria marehemu kimyakimya kana kwamba angali anafuatiliwa, na msomaji hawezi kulijua hilo kwa kuangalia jedwali la matokeo.

## Njia mbili za bei rahisi

Njia ya kwanza ni kuchambua wenye data kamili tu. Ya pili ni kuchukua alama ya mwisho iliyoonekana na kuibeba hadi mwisho. Zote mbili bado zinatumika sana, kwa hiyo tuzipe nafasi kwenye mizani.

Tuseme kati ya wanawake 400, 100 walikuwa na alama 13 au zaidi wakati wa ujauzito, na 300 walikuwa chini ya hapo. Tuite makundi haya la juu na la chini. Mwezi wa 9 wanarudi 50 wa kundi la juu na 240 wa kundi la chini, jumla 290. Wengine 110 hawakuonekana tena tangu ujauzito. Kati ya waliorudi, wenye sonona ni 20 wa kundi la juu, yaani asilimia 40, na 24 wa kundi la chini, yaani asilimia 10.

Anayehesabu waliorudi tu atapata 44 kati ya 290, asilimia 15.2. Namba hiyo iko chini kwa sababu nusu ya wenye hatari kubwa wameondoka, ilhali kundi la chini limepoteza mmoja tu kati ya watano.

Anayebeba alama ya mwisho atawahesabu wote 50 wa kundi la juu waliopotea kuwa na sonona, kwa kuwa walikuwa nayo walipoonekana mara ya mwisho, na wote 60 wa kundi la chini kuwa hawana. Anapata 94 kati ya 400, asilimia 23.5. Njia hii inadai kwamba hali ya mama haibadiliki kuanzia ujauzito hadi mtoto anapoanza kutambaa, dai ambalo hakuna muuguzi wa kliniki atakayelikubali. Wengine hupona, wengine huanza kuugua mwezi wa tatu au wa nne. Zaidi ya hapo, inazihesabu alama za kubahatisha kama alama zilizopimwa, na mipaka ya uhakika inakuwa myembamba kuliko inavyostahili.

Sasa tuseme ndani ya kila kundi waliopotea wanafanana na waliorudi. Basi kundi la juu lina wagonjwa 40 kati ya 100, la chini 30 kati ya 300, na jumla ni 70 kati ya 400, asilimia 17.5. Unafika hapo kwa uzani, ambapo kila aliyerudi wa kundi la juu anahesabiwa mara 2 na wa kundi la chini mara 1.25. Unafika hapo pia kwa kujaza nafasi wazi kutoka kwa wenzao wa kundi lile lile, au kwa modeli inayotumia alama za ujauzito kukadiria za mwezi wa 9.

| Njia | Wenye sonona mwezi wa 9 | Asilimia |
|---|---|---|
| Waliorudi tu | 44 / 290 | 15.2 |
| Kubeba alama ya mwisho | 94 / 400 | 23.5 |
| Uzani, kujaza au modeli, kwa kutumia alama za ujauzito | 70 / 400 | 17.5 |
| Kujaza, waliopotea wakidhaniwa kuwa wagonjwa zaidi | 86 / 400 | 21.5 |

Mstari wa nne tutaurudia. Wa tatu ndio wa kuutazama sasa, kwa sababu umebeba njia tatu kwa pamoja. Zikipewa taarifa zile zile, njia tatu hizi za kisasa huleta jibu lile lile au linalokaribiana sana. Ubishi kuhusu ipi ni "bora" mara nyingi ni ubishi wa bure. Tofauti yake ya kweli iko katika taarifa ambazo kila moja inaweza kuzibeba.

## Uzani, na swali la nani anayezungumziwa

Nitapita hapa haraka. Njia ya GEE, yaani milinganyo ya makadirio ya jumla ya Liang na Zeger ya mwaka 1986, inapendwa kwa matokeo ya ndiyo au hapana kwa sababu inajibu swali la jamii nzima: kati ya wanawake wenye ukatili na wasio nao, sonona inatofautianaje kwa wastani? Lakini ikitumika bila uzani, inahitaji nafasi ziwe wazi kwa bahati tupu, sharti ambalo kundi letu limekwisha kulivunja. Ukiiongezea uzani inarekebishika, ila mama mmoja aliyekuwa na uwezekano wa asilimia 4 wa kurudi, kisha akarudi, atahesabiwa kama wanawake 25, na matokeo yatayumba kwa ajili yake peke yake. Ukiichagua, andika mapema uzani wa juu kabisa utakaoruhusu.

Jambo la kuangalia ni kwamba GEE na modeli mseto hazitoi namba moja kwa matokeo ya ndiyo au hapana, hata data zikiwa kamili. Modeli mseto inazungumzia mama mmoja mmoja mwenye mwelekeo wake wa ndani, na uwiano wake wa odi huwa mkubwa zaidi. Kama mtawanyiko kati ya akina mama ni 4 kwenye kipimo cha logiti, uwiano wa 3.0 wa modeli mseto unalingana na takriban 2.0 wa GEE. Hakuna aliyekosea. Lakini mpango usiosema ni upi utaripotiwa unamwachia mwandishi nafasi ya kuchagua ule unaovutia zaidi.

Ndiyo maana ningependekeza matokeo makuu yawe alama zenyewe, 0 hadi 30, na sonona ya ndiyo au hapana iwe matokeo ya pili. Alama 12 na alama 13 ni karibu mtu yule yule, na kuwatenganisha kwa ukuta kunapoteza taarifa nyingi.

## Modeli mseto na kujaza mara nyingi, ana kwa ana

Hapa ndipo uamuzi ulipo.

Modeli mseto inachukua ziara zote ulizonazo kwa kila mama. Aliyeonekana mara mbili anachangia mara mbili, na hakuna anayefutwa kwa kukosa ziara moja. Haijazi chochote, inatumia uhusiano kati ya ziara kujua kwamba aliyekuwa na alama 18 wakati wa ujauzito na 16 wiki ya 6 hafanani na aliyekuwa na 4 na 5. Kama sababu ya kutokuja inaelezeka na alama zake za nyuma na vigezo vilivyomo kwenye modeli, jibu linasimama.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyapita. La kwanza ni umbo la uhusiano kati ya ziara. Modeli yenye kianzio cha nasibu peke yake, ambapo kila mama hupewa tu kiwango chake cha kuanzia, inadai kwamba ujauzito na mwezi wa 9 vinahusiana sawasawa na wiki ya 6 na wiki ya 14. Kwa kawaida ziara zilizo jirani hufanana zaidi. Data zikiwa kamili, kosa hili hugusa zaidi mipaka ya uhakika. Zikiwa pungufu, linagusa jibu lenyewe, kwa sababu uhusiano huo ndio unaokadiria wasioonekana. Kwa ziara nne ni afadhali kuuacha uhusiano huru kabisa: mitawanyiko 4 na mahusiano 6, vigezo 10 ambavyo wanawake 400 wanaweza kuvibeba.

```r
library(mmrm)
m1 <- mmrm(epds ~ ukatili * ziara + us(ziara | id), data = d)
```

Vigezo vya kurekebisha, kama umri, elimu na idadi ya uzazi, vinaongezwa kwenye mstari huo huo. `ziara` na `id` ziwe zimegeuzwa kuwa `factor` kabla.

La pili ni nafasi ya alama za ujauzito. Mtu hushawishika kuziweka upande wa vigezo vya kurekebisha, lakini ukatili unaweza kuleta sonona wakati wa ujauzito, na sonona hiyo ikaendelea baada ya kujifungua. Ukizirekebisha, umeikata sehemu ya athari uliyotaka kuipima. Ukiziacha nje kabisa, umepoteza kielezi kikubwa cha nani atapotea. Dawa ni kuziweka kama ziara ya kwanza ya matokeo, kama nilivyofanya hapo juu: zinasaidia kuwakadiria wasiokuja bila kuikata njia ya athari.

Udhaifu wa modeli mseto unaonekana pale pengo lilipo upande wa vigezo. Kama wanawake 45 hawakujibu maswali ya ukatili, modeli inawafuta wote, hata kama alama zao za EPDS zimekamilika. Na kukataa kujibu maswali hayo mume akiwa amekaa nje ya mlango si bahati.

Kujaza mara nyingi kunaziba pengo hilo. Unatengeneza nakala kadhaa za data, kila moja ikiwa imejazwa kwa makadirio yenye bahati nasibu ndani yake, unachambua kila nakala, kisha unaunganisha matokeo kwa kanuni za Rubin. Tofauti kati ya nakala ndiyo inayopima kutojua kwako, kitu ambacho kubeba alama ya mwisho hakukipimi. Kanuni nyepesi ya White, Royston na Wood ni kwamba idadi ya nakala isiwe chini ya asilimia ya wahusika wenye data pungufu. Kwetu, kama asilimia 35 wana pengo mahali fulani, nakala 40 zinatosha.

Nguvu yake kubwa ni vielezi vya pembeni, yaani taarifa zisizo sehemu ya swali la utafiti lakini zinazojua kitu kuhusu asiyekuja. Mama aliyeshindwa kuja mwezi wa 9 anaweza kujibu kwa simu maswali mawili ya PHQ-2, hojaji fupi ya sonona. Kadi ya kliniki inaonyesha kama mtoto alichanjwa na nani alimleta. Daftari la ufuatiliaji linaonyesha alipigiwa mara ngapi kabla ya kupatikana. Ukiviweka hivi kwenye modeli mseto kama vigezo unabadilisha swali. Ukiviweka kwenye hatua ya kujaza vinafanya kazi yao na kutoka. Mtafiti aliyepanga simu ya dakika mbili tangu mwanzo amejinunulia zaidi ya yule aliyetafuta modeli ngumu mwishoni. Tahadhari ni ile niliyogusia juu: simu ya mume si ya siri, na swali la hali ya moyo lisiulizwe mpaka mama athibitishe kwamba yuko peke yake.

```r
library(mice)
imp <- mice(d_pana, m = 40, maxit = 20,
            method = "pmm", seed = 4117)
fit <- with(imp, lm(epds_m9 ~ ukatili + umri + elimu + uzazi))
summary(pool(fit))
```

`pmm` humpa mama alama halisi ya mwanamke mwingine anayefanana naye kwa makadirio, kwa hiyo hutapata alama 33 wala -2. Ukatili ukiwa wa ndiyo au hapana, upewe njia yake, `logreg`. Data ziwe katika umbo pana, mama mmoja mstari mmoja, waliofariki wakiwa wametolewa, ili kila ziara iwasaidie wenzake.

Kujaza nako kuna namna zake za kuharibika. Ukitaka kujua kama athari ya ukatili ni tofauti kwa wazazi wa mara ya kwanza, lakini uhusiano huo haukuwemo kwenye hatua ya kujaza, makadirio yataupunguza bila kukuonya. Jaza kila kundi peke yake. Ukijaza ukatili bila kutumia alama za EPDS kwa kuogopa kwamba unazunguka duara, utapunguza athari pia: matokeo lazima yawemo katika kujaza vigezo. Ukirundika vielezi 60 kwa wanawake 400, makadirio yatayumba. Ishara yake ni mistari ya `plot(imp)` inayopanda au kushuka badala ya kuchanganyikana. Na ukilinganisha waliojazwa na walioonekana ukakuta wanatofautiana kwa wastani, usiogope hapo hapo. Ndivyo inavyotakiwa kama wanaopotea ni wenye hatari kubwa. Ogopa pale tofauti isipoelezeka kwa umri, ukatili au alama za nyuma.

Basi uamuzi wangu ni huu. Pengo likiwa upande wa matokeo peke yake, na huna vielezi vya pembeni, tumia modeli mseto na uachie hapo. Kujaza kutakupa jibu lile lile likiwa na kelele kidogo na kazi mara tatu. Pengo likigusa ukatili au vigezo vingine kwa zaidi ya wanawake wachache, au ukiwa na simu ya PHQ-2 na kadi ya kliniki, jaza. Kwa utafiti huu ningejaza mara nyingi kama uchambuzi mkuu na kuweka modeli mseto kando yake. Zikitofautiana sana, kitu cha kwanza cha kutafuta ni wanawake waliofutwa na modeli mseto kwa kukosa kigezo.

## Swali moja lililorukwa

Kuna kukosekana kudogo kunakosahauliwa: mama amekuja, amejibu maswali tisa, ameruka la kumi. Swali la 10 la Edinburgh linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, na ndilo ningetarajia lirukwe kuliko yote. Anayelijibu kwa alama yoyote zaidi ya 0 anashughulikiwa siku ile ile na mtoa huduma. Hilo halisubiri mchambuzi.

Desturi ya wengi ni kuongeza kwa uwiano. Alama 11 kwa maswali tisa zinakuwa 11 × 10 ÷ 9, yaani 12.2, na mama anahesabiwa hana sonona. Lakini swali lililobaki lingeweza kumpa hadi alama 3 na kumfikisha 14. Kabla ya kukadiria, angalia kwanza kama kuna haja. Aliyefikisha 13 kwa maswali tisa yuko juu ya mpaka hata afanyeje. Mwenye 9 hawezi kuzidi 12. Wenye utata ni wale wa 10, 11 na 12 tu, na hao wajazwe swali kwa swali ndani ya `mice`, kisha jumla itafutwe. Kwa uchambuzi wa alama zenyewe, wote walioruka swali wapite njia hiyo hiyo.

## Tukidhani waliopotea wako vibaya zaidi

Njia zote za mstari wa tatu wa jedwali zinaegemea dhana moja: waliopotea wanafanana na waliobaki wenye historia kama yao. Data haziwezi kuthibitisha dhana hiyo wala kuikanusha. Kinachowezekana ni kuisukuma uone inavunjika wapi.

Mstari wa nne ulifanya hivyo. Badala ya asilimia 40 na 10, tulidhani waliopotea wana asilimia 60 katika kundi la juu na 20 katika la chini: wagonjwa 30 kati ya 50, na 12 kati ya 60. Ukijumlisha na 44 walioonekana unapata 86, yaani asilimia 21.5.

Kwa tofauti ya alama kati ya waliofanyiwa ukatili na wasiofanyiwa, hesabu ni nyepesi zaidi. Tuseme uchambuzi mkuu umetoa tofauti ya alama 2.4 mwezi wa 9, na waliokosekana ni asilimia 40 upande wa ukatili na 20 upande wa pili. Ukiwaongezea wote waliojazwa alama 3, upande wa ukatili unapanda kwa 1.2 na mwingine kwa 0.6, na tofauti inakuwa 3.0. Kumbe kudhani kwamba waliopotea ni wagonjwa zaidi kunaikuza athari, kwa sababu tu waliopotea hawako sawa pande zote mbili.

Dhana ya kinyume ndiyo inayoweza kuliangusha jibu. Wanawake waliokimbia ukatili wakarudi kwa wazazi wao huenda wamepata nafuu. Punguza alama 3 kwa waliojazwa wa upande wa ukatili peke yao, na tofauti inashuka hadi 1.2. Ili ifike sifuri kabisa, itabidi wawe chini ya makadirio kwa alama 6. Mipaka ya uhakika itaigusa sifuri kabla ya hapo, na kiwango hicho nacho kiripotiwe. Je, alama 6 kati ya 30 ni jambo la kuaminika? Hilo si la mtakwimu kujibu. Mpango umtaje daktari wa afya ya akili na mkunga watakaotoa kiwango wanachoona kinawezekana, kwa kila upande, kabla data hazijafunguliwa.

Nakala zikishajazwa, alama huongezwa au kupunguzwa kwa waliokosekana wa upande wa ukatili tu, kisha uchambuzi unarudiwa:

```r
res <- lapply(seq(-6, 6, 1), function(dl) {
  f <- lapply(1:40, function(k) {
    x <- complete(imp, k)
    s <- is.na(d_pana$epds_m9) & x$ukatili == 1
    x$epds_m9[s] <- x$epds_m9[s] + dl
    lm(epds_m9 ~ ukatili + umri + elimu + uzazi, data = x)
  })
  summary(pool(as.mira(f)), conf.int = TRUE)
})
```

## Maandishi yenyewe ya mpango

Kwa utafiti huu ningeandika hivi, na msomaji anaweza kubadili apendavyo:

"Matokeo makuu ni jumla ya EPDS mwezi wa 9 kwa wanawake walio hai, wakiwemo waliopewa rufaa au matibabu baada ya kuonekana na dalili. Waliofiwa na mtoto wanabaki kwenye uchambuzi. Ziara itahesabiwa ya mwezi wa 9 ikiwa imefanyika kati ya siku ya 250 na ya 310 tangu kujifungua. Nafasi zilizo wazi zitajazwa kwa nakala 40, tukitumia EPDS ya ziara zote, ukatili, umri, elimu, uzazi, kituo, PHQ-2 ya simu na aliyemleta mtoto kwenye chanjo. Alama za waliofariki hazitajazwa. Modeli mseto yenye uhusiano huru kati ya ziara itaripotiwa sambamba. Matokeo yatasukumwa kwa alama -6 hadi 6 upande wa ukatili pekee, kisha pande zote mbili, na kiwango kinachobadili hitimisho kitaripotiwa."

Maneno "wakiwemo waliopewa rufaa" yapo kwa sababu maadili yanakulazimu kumpeleka kwenye huduma kila utakayemkuta na dalili, na huduma hiyo itashusha alama zake za baadaye. Alama hizo ni za kweli na hazikukosekana. Anayezifuta na kuzijaza upya kana kwamba mama hakutibiwa anajibu swali jingine, ambalo linaweza kuwa na maana yake, lakini liwe na kichwa chake na jedwali lake.

Kitu kimoja hupungua hata kwenye mipango iliyoandikwa vizuri, nacho ni jedwali tupu la sababu za kukosekana, kwa kila ziara na kwa kila upande: amehama, amekataa, hapatikani kwa simu, mtoto ameletwa na mwingine, amefiwa na mtoto, amefariki. Lichorwe kabla ya ziara ya wiki ya 6, kwa sababu msaidizi wa utafiti asiyekuwa na kisanduku cha kuweka alama ataandika "hajaja" kwa wote.